Shajara ya Mradi: Kitabu cha Shukrani kwa Bibi

Jumamosi, 8 Februari 2025

Leo nimeanza rasmi kazi ya kumwandalia Bibi kitabu cha shukrani. Bibi ninayemzungumzia ni mama yake mama, aliyenilea kijijini katika Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, tangu nikiwa na miaka mitatu hadi nilipomaliza darasa la saba mwaka 2000. Mama alikuwa na kazi ya zamu katika kiwanda cha nguo mjini, zamu za usiku hazikumruhusu kukaa na mtoto mdogo, na Bibi alinipokea bila kuuliza ningekaa kwa muda gani. Sasa anakaribia miaka 80, akili yake ni timamu, na bado anasoma. Nataka shukrani zangu zimfikie akiwa na uwezo wa kuzisoma mwenyewe.

Nimechagua maandishi badala ya sherehe au zawadi ya vitu kwa sababu ya historia yake. Bibi hakupelekwa shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto, katika madarasa ya kisomo chenye manufaa ambayo UNESCO iliyasaidia kuanza katika mikoa ya ziwa mwaka 1968, ambapo wakulima walifundishwa herufi kupitia mambo waliyoyafanya kila siku, na kwa watu wa kwetu jambo hilo lilikuwa kilimo cha pamba. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Bibi alikuwa mmoja wa waliokwenda darasani jioni chini ya mwembe wakiwa wametoka shambani. Mwaka 1975 alifanya mtihani wa taifa wa kisomo pamoja na mamilioni ya Watanzania wengine, na hadi leo huutaja kwa sauti ya mtu anayetaja hati ya shamba lake. Kumshukuru mtu kama huyu kwa maneno ya mdomo peke yake ningeona ni kumpunja.

Nimejiwekea kanuni moja ya kuandikia. Kila kumbukumbu itakayoingia kitabuni itaje kitendo ambacho Bibi alikifanya katika siku au msimu unaojulikana, itaje kitendo hicho kilimgharimu nini, na itaje kilichobaki kwangu. Sentensi yoyote ambayo mjukuu mwingine angeweza kumwambia bibi mwingine bila kubadilisha neno itaondolewa, hata ikiwa nzuri. Bibi aliishi maisha yake akiuza pamba kwenye mizani ya watu wengine, na hakubali kitu kwa jumla. Ukimwambia kwamba gunia ni zito, atakuuliza ni kilo ngapi.

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimetumia majuma haya kukusanya kumbukumbu. Nilianza na zangu, nikiziandika jinsi zilivyokuja, kisha nikampigia simu mama, na baada yake mjomba, ambaye ndiye anayeishi na Bibi sasa. Nimemwomba mjomba asimwambie Bibi kinachoendelea.

Hazina kubwa ya mwezi huu imetoka katika sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha Bibi. Mjomba alikumbuka kwamba Bibi aliweka humo kauntabuku ambayo alikuwa akiandika hesabu za pamba kila msimu, na alipoomba kuiona kwa ajili ya kuhakiki mpaka wa shamba, Bibi alimpa bila shida. Kurasa zake nyingi zimeandikwa kwa penseli, na penseli hung'aa ikimulikwa, kwa hiyo picha za kwanza alizonitumia kwa simu zilikuwa na doa jeupe mahali pa namba. Nilimwelekeza aizime taa ya kamera, aweke daftari karibu na dirisha asubuhi, na asimame upande ili kivuli chake kisianguke kwenye karatasi. Picha zilizofuata zinasomeka hadi mistari iliyofutwa.

Mpangilio wa daftari ni wa Bibi mwenyewe. Upande wa kushoto ni tarehe, kisha kilo za pamba safi, kisha kilo za pamba fifi, kisha fedha, na upande wa kulia kabisa, pasipo na kichwa cha habari, ameandika fedha hiyo ilikwenda wapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae chini. Humo nimekuta kaptura yangu ya kaki, mchango wa dawati, sabuni, mafuta ya taa, na maneno “kalamu mtoto” yakijirudia msimu baada ya msimu. Wakati ule shule za msingi bado zilitoza ada na michango, ambayo ilifutwa baadaye nilipokuwa nimekwisha kuondoka, na nilikuwa nikijua kwa namna ya jumla tu kwamba Bibi ndiye aliyelipa. Sasa naweza kuona ni gunia lipi lililolipa nini.

Kutokana na orodha yote nimechagua kumbukumbu ambazo zinaweza kusimama kwa kanuni niliyojiwekea. Nyingine ni tamu sana kwangu, kama vile harufu ya moshi katika khanga yake, lakini hazina kitendo ndani yake, na nimeziacha.

Jumapili, 23 Machi 2025

Nimeandika rasimu ya kumbukumbu ya kwanza, ambayo ni ya kujifunza kusoma. Naiweka hapa kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonipa sauti ya kitabu kizima.

Kabla sijaanza darasa la kwanza mwaka 1994, Bibi alikuwa na jembe lililokwisha makali, ambalo bamba lake lilikuwa limelika pande mbili na kubaki dogo, jeusi na laini kwa kusuguliwa na udongo miaka mingi. Jembe hilo halikufaa tena kulimia. Bibi alilitoa mpini, akaliegemeza kwenye figa baada ya chakula cha jioni, na akaandika juu yake kwa kipande cha muhogo mkavu, ambacho huacha mstari mweupe kama chaki. Aliandika pa, pe, pi, po, pu kwa mwandiko mkubwa, akazisoma, akanitaka nizisome, kisha akafuta kwa kitambaa chenye maji na kuniambia niziandike mimi. Nilipoweza, aliniandikia “pamba”, neno ambalo yeye mwenyewe alianza nalo darasani kwake. Mwanga ulikuwa wa koroboi, na mafuta ya koroboi ni miongoni mwa vitu vilivyomo katika safu ya kulia ya daftari.

Kilichomgharimu ni rahisi kukiona sasa. Mwezi wa pili na wa tatu ni miezi ya palizi, ambapo mwanamke wa kwetu huamka kabla ya jua, hulima hadi saa tano, hurudi kuchota maji na kutafuta kuni, na hutoka tena jioni. Muda wa kukaa na mtoto mbele ya jembe ulikatwa kutoka katika usingizi wake. Nimeandika hivyo hivyo katika rasimu, bila kivumishi hata kimoja, na nikisoma tena naona kwamba sentensi ya usingizi ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Mama alinisaidia kuhakiki jambo moja. Nilikuwa na hofu kwamba kipande cha muhogo ni kitu nilichokibuni utu uzimani, lakini mama alisema, kabla sijakitaja, kwamba Bibi alimfundisha hata yeye kwa muhogo uliokaushwa, kwa kuwa chaki zilikuwa za shule na hazikutoka nje ya shule. Huu ndio utaratibu ninaoufuata kwa kila kumbukumbu: sitaji kitu ninachokitafuta, namwacha msimulizi aseme, na jambo likijitokeza kwa watu wawili bila kuongozwa naliandika kwa uhakika. Likijitokeza kwangu peke yangu nalianza kwa maneno “ninavyokumbuka mimi, Bibi”, ili akiliona si hivyo aweze kunisahihisha bila kuona haya.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Kumbukumbu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ya msimu wa 1998, na nimeifanyia kazi hadi nikaridhika.

Msomaji asiyetoka kwenye pamba anahitaji maelezo kidogo. Pamba ya kwetu hupandwa mvua zikianza, kwenye Novemba na Desemba, na huchumwa kuanzia Mei kuendelea, jua likiwa limetawala. Ikishachumwa huchambuliwa nyumbani kwa mkono. Ile nyeupe, iliyofunguka vizuri na isiyo na majani, huitwa pamba safi. Ile iliyopata rangi ya njano au madoa kwa sababu ya mvua, wadudu au vumbi huitwa pamba fifi, na bei yake ni ya chini. Hakuna mashine nyumbani inayofanya kazi hiyo. Ni mtu kuketi na kufungua kila punje, kuondoa vipande vya majani, na kuamua iende upande gani. Anayechanganya fifi ndani ya safi ili kuongeza kilo hujihatarisha, kwa kuwa mnunuzi akiingiza mkono katikati ya gunia na kuikuta, gunia zima linaweza kuhesabiwa fifi.

Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa mwaka 1997 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1998. Mimea ilirefuka na kuweka majani mengi, magugu yalishinda palizi, na vitumba vya chini vilioza kabla ya kufunguka. Daftari la Bibi linaonyesha matokeo yake kwa namba. Msimu wa 1997 aliuza kilo 204 za pamba safi na kilo 23 za fifi. Msimu wa 1998 aliuza kilo 112 za safi na kilo 61 za fifi. Shamba ni lile lile, mikono ni ile ile, na mwaka huo nilikuwa darasa la tano.

Katika ukurasa wa mwanzo wa msimu ule, kabla ya mauzo yoyote, Bibi alikuwa ameandika upande wa kulia mambo matatu aliyoyakusudia: “mabati 2”, “khanga”, “shule mtoto”. Mabati yamekatwa kwa mstari mmoja. Khanga imekatwa kwa mistari miwili, na penseli ilikandamizwa hadi karatasi ikaacha mfuo unaoonekana pichani. “Shule mtoto” haikuguswa, na mbele yake kuna alama ya vema.

Rasimu yangu ya kwanza ya tukio hili ilisema: “Bibi, nakushukuru kwa upendo wako mkubwa na kwa jinsi ulivyojinyima mengi ili mimi nipate elimu.” Sentensi hiyo haina uongo, lakini inaweza kusomwa katika mahafali ya shule yoyote, na Bibi angeitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi zake. Nimeiandika upya kwa kufuata daftari, na sasa ukurasa wenyewe unasomeka hivi:

“Bibi, mwaka 1998 mvua iliharibu pamba. Ulipata kilo 61 za fifi. Ulikuwa umepanga kununua mabati mawili na khanga. Uliyakata mabati. Uliikata khanga. Shule yangu hukuikata. Mwaka huo nilivaa sare mpya, na wewe ulikwenda kwenye mikutano ya wazazi na khanga ya zamani, ile iliyopasuka pindo ukaishona kwa uzi mweusi. Sikujua. Nimejua mwaka huu niliposoma daftari lako. Nakushukuru kwa kila mstari ulioukata.”

Nimechagua sentensi fupi kwa makusudi, ingawa mimi mwenyewe hupenda kuandika kwa urefu, kwa sababu Bibi husoma kwa kufuata kidole, na sentensi inayovuka mistari mitatu humlazimisha kurudi nyuma kutafuta mwanzo wake. Uzi mweusi niliukumbuka mimi, na mama pia aliutaja alipoulizwa tu kuhusu nguo za Bibi za miaka ile. Nimeamua pia kuweka picha ya ukurasa wa daftari upande wa pili, ili mwandiko wake na wangu viwe vinatazamana.

Suala la kama ni halali kuchapisha hesabu zake za siri lilinisumbua. Nilimuuliza mjomba, naye akasema kwamba daftari hilo Bibi amewahi kuwaonyesha wajukuu wote alipokuwa akiwafundisha hesabu, na kwamba hana neno. Hata hivyo nakala nitakazozichapisha ni za watu wa nyumbani tu.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Wiki hii nimeshughulikia jinsi kitabu kitakavyosomeka, jambo ambalo kwa msomaji wa umri wa Bibi lina uzito sawa na maneno yenyewe.

Jicho lake la kulia lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho miaka michache iliyopita na kuwekewa lenzi bandia. Lenzi ya aina hiyo humwezesha kuona mbali vizuri, lakini haiwezi kujikaza kama lenzi ya asili ili kuona karibu, kwa hiyo anapotaka kusoma hana budi kuvaa miwani ya kusomea. Jicho la kushoto bado lina ukungu, na ukungu huo hutawanya mwanga, kiasi kwamba karatasi inayong'aa humchosha mapema kuliko herufi ndogo.

Nilichapisha aya moja ya Zaburi, kwa kuwa hiyo haimfichulii siri, katika ukubwa wa herufi wa 14, 18, 22 na 26, na mjomba akampa karatasi hizo moja moja kwenye siku tofauti, akiangalia bila kusema kitu. Tulikubaliana ishara za kuangalia. Kwa 14, Bibi alisogea mlangoni penye mwanga na kuipeleka karatasi mbele na nyuma. Kwa 18 alisoma, lakini kidole kiliruka mstari mara kwa mara na akarudia maneno. Kwa 22 alikaa alipokaa na kusoma hadi mwisho. Kwa 26 alisoma pia, ila mistari ilikuwa mifupi mno na maneno yetu marefu yalibaki peke yake kwenye mstari, hata mwendo wa sentensi ukapotea. Tumechukua 22, na nafasi kati ya mistari nimeipanua, kwa kuwa kuruka mstari husababishwa na kubanana kwa mistari kuliko udogo wa herufi.

Uamuzi huo umebadilisha umbo la kitabu. Nilikusudia kukunja karatasi za A4 ili kupata kijitabu cha A5, lakini kwa herufi za 22 mstari wa A5 unabeba maneno manne tu. Nimehamia karatasi za A3 zikikunjwa kuwa A4, ambapo mstari unabeba maneno sita hivi na ukurasa mistari kama 20. Upande wa kulia wa maandishi nimeuacha usiwe sawa, maana kulazimisha kingo zilingane huacha mapengo katikati ya maneno, na nimezuia kompyuta isikate maneno mwishoni mwa mstari. Karatasi itakuwa ya rangi ya maziwa, isiyong'aa, ya gramu 100, kwa sababu ile ya kawaida ya gramu 80 huonyesha wino wa upande wa pili, na jicho lenye ukungu huuona wino huo kama mstari mwingine.

Kila karatasi ya A3 ikikunjwa huzaa kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa sharti igawanyike kwa nne. Nilikuwa na kurasa 26. Nimeondoa kumbukumbu moja na kufikia 24, na niliyoiondoa ni safari ya kwenda mnadani kununua mbuzi, ambayo kwa kweli ilikuwa imejaa mambo yangu kuliko yake.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Kumbukumbu za mwisho zimekamilika na kitabu kimekwenda kuchapishwa.

Ya mizani ilikuwa nyepesi kuandika. Kuanzia msimu wa 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua pamba sambamba na vyama vya ushirika, na vituo vya kununulia vikaongezeka. Bibi alinichukua kila alipokwenda kuuza. Kabla ya gunia lake kutundikwa, alimwomba mpimaji aliondoe la mwenzake kwanza, akasubiri mizani itulie, na akaniuliza kwa sauti ya kusikika, “Mume wangu, mshale uko wapi?” Nilikuwa na miaka minane, na kazi yangu ilikuwa kujibu kama uko kwenye sifuri. Siku moja nilijibu kwamba uko kilo mbili chini ya sifuri. Bibi hakugombana na mtu. Alimwambia mpimaji, “Baba, mjukuu wangu ndiye anajifunza, msaidie aone sifuri,” na mizani ikarekebishwa mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni. Nimemshukuru kwa kunifundisha kuangalia mizani ikiwa tupu, kwa sababu leo kazi yangu ni ya ukaguzi wa hesabu, na swali ninaloanza nalo popote ni lile lile.

Ya michembe ni fupi. Mwezi wa saba Bibi alivuna viazi vitamu, akavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, ambalo hushika joto hadi usiku. Alivigeuza mara mbili kwa siku na kuviondoa vilipovunjika kwa mlio mkavu, kwani vikihifadhiwa vikiwa bado vinapinda huota ukungu kihengeni. Mwezi wa kwanza na wa pili, chakula kilipopungua, alivichemsha na karanga, nami nikaenda shule nimeshiba. Ninavyokumbuka mimi, yeye alikula baada yangu, na mara nyingi alikula kilichobaki.

Ya malaria nimeiandika kwa tahadhari, kwa sababu nilikuwa na homa kali na ninachokumbuka ni vipande tu: giza, mgongo wa Bibi, na uchungu wa klorokwini, dawa iliyokuwa ikitumika nchini hadi mwaka 2001. Bibi aliisaga na kuichanganya na uji, na dawa iliponiwasha mwili mzima usiku kucha, alikaa akinipitishia kitambaa cha maji. Sehemu ya safari ya kwenda zahanati nimeianza kwa “ninavyokumbuka mimi”.

Duka la kuchapisha mjini lilitoa nakala ya majaribio, nikaikuta imepangwa vibaya: ukurasa wa picha ya daftari ulikuwa umeangukia nyuma ya ukurasa wa khanga badala ya mbele yake, kwa sababu faili lilihesabiwa kuanzia jalada. Niliomba lirekebishwe, nikakunja nakala mwenyewe na kuandika namba za kurasa kwa penseli kabla ya kuruhusu nakala nyingine. Karatasi sita zimepigwa pini mbili katikati, na kitabu kinafunguka na kulala mezani bila kushikwa, jinsi nilivyotaka, ili mkono mmoja wa Bibi uwe huru kwa kidole.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimerudi kutoka kijijini. Nilifika wakati wa kuchambua pamba, nikamkuta Bibi ameketi kwenye mkeka pamoja na wake wa wajomba, lundo la safi upande mmoja na la fifi upande mwingine.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umekuja kuchambua au umekuja kula?”

Tulichambua hadi alasiri. Nilimpa kitabu baada ya chakula, pakiwa na mwanga wa kutosha, nikamwambia ni barua yangu kwake na kwamba asome anavyopenda. Alivaa miwani, akakifungua kwenye mkeka, na akaanza kwa sauti. Alisoma ukurasa wa jembe bila kusimama. Kwenye ukurasa wa 1998 alifika kwenye kilo 61, akaondoa kidole, akaangalia picha ya mwandiko wake upande wa pili, akahakikisha namba, na ndipo akaendelea. Alipomaliza maneno ya khanga aliyarudia tangu mwanzo, safari hii kwa sauti ya chini. Kisha akawaambia wakwe zake, “Huyu amesoma daftari langu. Hata mfuo wa penseli ameuona.”

Kwenye kumbukumbu ya malaria alisimama kabisa. Alisema kwamba mgongo wake alinibebea hadi mtoni tu, na kwamba kutoka mtoni hadi zahanati nilipakiwa kwenye baiskeli ya jirani yetu, mzee ambaye sasa ni marehemu, aliyeamshwa usiku wa manane na kuendesha huku Bibi akikimbia nyuma ameushika mguu wangu nisianguke. Jina hilo halikuwa katika kumbukumbu ya yeyote kati yetu tuliobaki. Nilimwambia kwamba shukrani za kitabu hiki ni zake yeye, naye akanijibu kwa ukali ambao sijausikia tangu nikiwa mtoto: “Na mimi nilimshukuru nani usiku ule? Mwandike. Wajukuu zake wapo hapa hapa, waletee nao nakala.”

Alinieleza safari yote tena jioni, polepole, nami nikaandika mbele yake na kumsomea kila aya hadi akasema imetosha. Alitaja kwamba mnyororo wa baiskeli uliruka mara mbili, kwamba mzee yule alikataa hata ndizi za shukrani kesho yake, na kwamba malipo aliyoyapokea baadaye yalikuwa ni Bibi kumsomea barua za mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mgodini, kila barua ilipofika, kwa miaka mingi.

Chapa ya pili kwa hiyo itaongezeka karatasi moja ya A3, yaani kurasa nne. Karatasi hiyo haiwezi kubandikwa mwishoni, kwa kuwa kitabu kimepigwa pini kwenye mkunjo, na italazimu iingie katikati kabisa, baada ya ukurasa wa 12, ili kurasa zilizotangulia zisivurugike. Kwa bahati njema kumbukumbu ya malaria inaanzia ukurasa wa 11. Kurasa mbili zitakuwa za safari ya baiskeli kama Bibi alivyoisimulia, ya tatu itakuwa ya barua za mgodini, na ya nne Bibi ameniagiza niiache na mistari mitupu, kwa sababu kuna jambo kuhusu mzee yule analotaka kuliandika kwa mkono wake katika nakala ya wajukuu zake. Nimemwachia penseli mbili na karatasi ya mazoezi yenye mistari ya upana ule ule, na duka la kuchapisha nimeliambia lisubiri hadi mjomba anipigie.